Ufunguo wa Kasha

Mwaka 2011 nilikuwa na hadithi fupi iliyonishinda kuimaliza, na kila Alhamisi baada ya alasiri niliipeleka kwenye baraza ya mwalimu wangu mstaafu, Ngamiani, Tanga. Ilihusu ndugu wawili wa kike: siku ya matanga ya mama yao, bangili ya dhahabu inapotea ndani ya kasha, na Zuhura, aliye mdogo, anamshuku dada yake Mwanaidi kwa miaka saba pasipo kumwambia.

Katika rasimu ya kwanza ukurasa wa mwisho ulimfichua mwizi, naye alikuwa jirani. Mwalimu alisoma hadi mwisho, akaweka kikombe chake cha kahawa chini, akasema, "Mwanangu, hapa Zuhura hakusamehe. Ushahidi ndio uliomwachilia dada yake."

Nikalifuta jibu. Safari hii niliikata hadithi pale Mwanaidi anapobisha hodi na mdogo wake anaukaribia mlango, nikajiona fundi kwelikweli. Mwalimu alipomaliza aliigeuza karatasi kutafuta ukurasa mwingine, na kitendo hicho kiliniuma kuliko neno lolote. Nilikuwa nimeacha wazi maswali mawili, la bangili na la moyo wa Zuhura, ilhali la pili ndilo lililombeba msomaji tangu mwanzo.

Niliporudi nyumbani niliufungua ule mlango. Dada anaingia, anaketi mkekani, na Zuhura anafumbua kinywa ili aulize hatimaye, kisha anakifumba, anahangaika na fundo la pindo la kanga lililokakamaa kwa miaka saba, anatoa ufunguo wa kasha na kumwekea Mwanaidi kiganjani: "Dada, tutolee vikombe vya mama." Hapo msomaji anaona kwamba aliyeliacha swali ni Zuhura mwenyewe, si mwandishi aliyelisahau.

Ilibaki kazi ya kusawazisha mizani, nayo ilinichukua wiki nzima. Cherehani mpya ya Mwanaidi, iliyonunuliwa mara baada ya matanga, ilimtia hatiani moja kwa moja, kwa hiyo niliongeza kwamba mwezi huo ilikuwa zamu yake ya kupokea upatu. Jirani naye nilimbakiza akiingia na kutoka chumbani kufuata sahani, bila kumtazama zaidi ya hapo.

Alhamisi iliyofuata mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya mkewe na muuza kahawa. Walibishana mpaka adhana ya magharibi, mama akimshika jirani, muuza kahawa akiing'ang'ania cherehani. Kama ndugu wale walipatana, hakuna aliyeuliza. Nilipokuwa nikivaa viatu mwalimu alinifuata hadi kizingitini, akaniinamia.

"Niambie mimi peke yangu. Nani aliichukua?"

Nilimjibu kuwa sijui, naye hakunisadiki.