Jinsi nilivyozibua tundu la bafu bila kumwaga kostiki

Kwa muda wa wiki tatu hivi, kila aliyeoga katika nyumba yetu ya Kahawa West alimaliza kuoga akiwa amesimama ndani ya maji machafu yaliyomfika kwenye vifundo vya miguu. Maji hayakuwa yamekwama kabisa. Yalikuwa yakishuka polepole sana, yakiacha mstari wa kijivu wa sabuni kwenye vigae, na aliyefuata kuoga alilazimika kungoja sakafu ikauke. Naandika haya kwa sababu watu wanne tofauti walinipa ushauri wa namna moja, yaani nimwage kitu fulani ndani ya tundu kisha ningoje, na ushauri huo, kwa nyumba yenye wanawake wanaosukwa, ulikosea tangu mwanzo.

Wa kwanza alikuwa keateka wetu. "Mama, nunua kostiki kidogo pale hadweya, umwage usiku, asubuhi maji yatakimbia yenyewe," aliniambia. Sikumwaga. Kostiki ikikutana na maji huchemka, na tone moja likirukia ngozi au jicho huunguza vibaya. Mtoto wangu mdogo huoga akiwa amekaa sakafuni, tena juu ya tundu ambalo maji yake yalikuwa yakirudi juu badala ya kushuka. Hata hivyo, hatari haikuwa sababu yangu pekee. Nywele za mwanadamu ni protini, na kostiki kweli huziyeyusha. Mimi na binti zangu wawili tunasukia nywele za kununua, ambazo nyingi ni nyuzi za plastiki, na nyuzi hizo haziliwi na kostiki kama nywele za kichwani zinavyoliwa. Ningemwaga, ningeyeyusha sabuni na zile nywele chache za asili, na lile fundo la nyuzi lingebaki pale pale likisubiri kunasa uchafu mwingine, safari hii likiwa limeloa dawa inayounguza mkono wa yeyote atakayejaribu kulitoa.

Nilianza na ushauri wa jirani, ambao ulionekana mpole: soda ya kuokea nusu kikombe, halafu siki kikombe kizima. Povu lilifurika kwa mlio wa kuvutia, nami nikaamini kazi inafanyika. Nilingoja nusu saa, nikamwaga maji ya moto, na maji yakasimama kama kawaida. Nikarudia kesho yake kwa kipimo kikubwa zaidi, nikamaliza siki yote ya nyumbani, na matokeo yakawa yale yale. Baadaye nilielewa sababu. Siki ni asidi na soda ni kinyume chake, na zikikutana huuana nguvu. Povu lile ni gesi tu inayotoka, na kinachobaki ndani ya bomba ni maji yenye chumvi chumvi ambayo hayana uwezo wa kuyeyusha nywele ya aina yoyote. Kwa tundu linalonuka kidogo sina ugomvi na mchanganyiko huo, lakini fundo la nywele haliutambui. Na kama kuna mtu alikwisha kumwaga dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ndani ya tundu hilo, siki isikaribie kabisa, kwa kuwa viwili hivyo hutoa gesi ya sumu, na bafu zetu hizi zina kidirisha kimoja kidogo.

Ndipo nikaamua kujua kwanza mzibo uko wapi. Nilijaza ndoo ya lita 10, nikaimwaga kwa mkupuo, nikatazama saa: karibu dakika sita. Nilipovuta maji ya choo, yalikwenda vizuri bila kubwabwaja, na sinki la jikoni halikuwa na shida. Kwa hiyo laini kubwa inayoelekea nje ilikuwa wazi. Kisha nikafungulia maji kwenye sinki dogo la kunawia mikono pale bafuni, na baada ya muda mfupi yakaanza kuchomoza kupitia tundu la sakafuni. Hapo nilipata jibu. Katika bafu nyingi za fleti zetu, bomba la sinki hilo huingia ubavuni mwa kile chombo kilicho chini ya wavu wa sakafuni, ambacho mafundi hukiita trapu, yaani ule mpindo unaobaki na maji wakati wote ili harufu na mende visipande juu. Kama maji ya sinki yanatokea sakafuni na choo kinavuta vizuri, basi mara nyingi mzibo umekaa ndani ya trapu au mara tu baada yake, umbali usiozidi urefu wa mkono.

Jaribio langu la pili lilikuwa la kizembe. Wavu ulishikwa na skrubu mbili zilizoshika kutu, na badala ya kuzifungua, nilinyoosha henga ya waya, nikakunja ncha yake na kuipitisha kwenye vijitundu vya wavu. Nilipata kishungi kimoja chembamba, na kila niliposukuma nilihisi kitu laini kikirudi nyuma. Nilipopima tena kwa ndoo, ile dakika sita ilikuwa imefika nane. Nilikuwa nimelishindilia fundo ndani zaidi ya mpindo. Tangu siku hiyo nasema kwa yakini: nywele huvutwa, hazisukumwi, na wavu usipofunguliwa hakuna kazi inayofanyika. Skrubu zenyewe zilikubali baada ya kudondoshewa mafuta ya kupikia na kuachwa hadi jioni.

Sasa nifike kwenye kifaa, ambacho ndicho kilichonifanya nijivunie kazi hii. Fundi mmoja alikuwa ameniomba elfu moja na mia tano, au zaidi kidogo, aje na waya wake wa springi. Nikawaza kwamba ninachohitaji ni kitu chembamba, chenye kunyumbulika, chenye miiba inayoelekea nyuma kama ya ndoana, kinachoingia kwa urahisi na kutoka kikiwa kimenasa. Nilichukua mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia wa lita tano, ule wa plastiki inayokunjika bila kukatika, nikauosha na kuondoa sehemu ya juu na kitako. Kisha nikaanza kukata kwa mkasi kwa kuuzunguka, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, hadi nikapata utepe wa upana wa sentimita moja na nusu na urefu wa karibu sentimita 60. Pande zote mbili za utepe nilizipiga mikato ya mshazari, kila baada ya sentimita mbili, ili ncha za miiba zielekee upande nitakaoshika. Sehemu ya katikati niliiacha nzima, upana wa nusu sentimita hivi, maana mikato ikiingia mno utepe hukatikia ndani, na hapo utakuwa umeongeza mzibo juu ya mzibo. Kabla ya kuutumia niliuvuta kwa nguvu zangu zote mara kadhaa nikiwa jikoni.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuwa ule mviringo. Utepe uliokatwa kwenye mtungi hubaki umejikunja kidogo, na mkunjo huo ukielekezwa upande wa mpindo wa trapu, utepe hupita wenyewe mahali ambapo waya wa henga ulikuwa ukigonga ukuta na kugoma. Niliuingiza taratibu, nikausikia ukizama hadi kwenye ulaini ule ule wa siku ile, nikauzungusha mara tatu kwa vidole ili miiba ishike, kisha nikavuta bila haraka. Kilichotoka mara ya kwanza kilikuwa mkia wa nyuzi nyeusi na za kahawia, unene wa kidole gumba, uliofunikwa na utando mweupe wa sabuni kama mafuta yaliyoganda. Nilivuta mara saba. Mara ya nne lilitoka fundo lenyewe, ukubwa wa ngumi ya mtoto, na maji yaliyokuwa yamesimama yakashuka mbele ya macho yangu. Binti yangu mkubwa aliitambua rangi ya misuko yake ya Desemba, nasi tulikuwa tumefika Machi.

Wengi huishia hapo, na ndiyo maana tundu lao huziba tena haraka. Nywele zikitoka, ule utando wa sabuni hubaki kwenye kuta za bomba, nao hunata, hasa kwa sisi tunaooga sabuni ya kipande kwa maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hayatoi povu vizuri na huigeuza sabuni kuwa ukoko. Nilisugua ndani ya trapu kwa brashi ya kuoshea chupa, nikamwaga vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha maji ya moto. Hapa naomba tahadhari: yasiwe maji yanayochemka. Mabomba ya plastiki huanza kulainika kabla ya kiwango hicho, na maungio yake yanaweza kulegea chini ya sakafu, mahali usipopaona. Nilichanganya maji yaliyochemka na ya baridi nusu kwa nusu, yakawa moto wa kuyeyusha mafuta bila kudhuru bomba, nikamwaga lita nne kwa awamu mbili.

Mwisho nilitumia pampu ya mpira. Kwa kuwa sinki linaungana na trapu, niliziba tundu lake kwa kitambaa kilicholowa, kwani bila hivyo hewa hutorokea huko na pampu haina nguvu yoyote. Nilihakikisha maji yamefunika mdomo wa mpira, nikapampu mara kumi na tano hivi, mkazo ukiwa kwenye kuvuta juu na si kusukuma. Yakatoka mabaki meusi kidogo. Nikajaza ile ndoo ya lita 10 na kuimwaga: sekunde 35.

Kama utepe ungeingia wote na kutoka mtupu huku maji yakiendelea kusimama, ningeacha hapo hapo na kumwita fundi, kwa kuwa mzibo ungekuwa umevuka uwezo wa kifaa cha aina hii. Na kama choo nacho kingekuwa kikibwabwaja, ningemwambia keateka afungue shimo la maji taka nje kabla ya mtu yeyote kugusa bafu langu.

Juu ya tundu sasa nimeweka chujio la chai la chuma lililokatwa mpini, la shilingi mia hivi, ambalo hukaa vizuri chini ya wavu, na kila Jumamosi hulitoa na kuligonga kwenye pipa la taka. Misuko hufumuliwa sebuleni juu ya gazeti, na nywele huchanwa kabla hazijaguswa na maji. Utepe wangu nimeuosha na kuutundika nyuma ya mlango wa bafu, na wiki iliyopita keateka alikuja kuuazima kwa ajili ya nyumba ya ghorofa ya pili.