Nilichokiacha kwa Kijerumani katika barua ya mnunuzi wa kahawa

Barua ilitoka kwa mnunuzi wa kahawa huko Hamburg, ikafika kwa chama cha msingi cha ushirika kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Bodi ya chama ikaniomba niitafsiri kwa Kiswahili ili isomwe kikaoni kabla ya kujibiwa. Habari za kahawa yenyewe hazikunisumbua: uzito, madaraja, bandari ya kupakilia, siku za malipo. Kazi ilikuwa juu na chini ya ukurasa, kwenye majina, vyeo na maneno ya heshima. Huko kila neno lilidai uamuzi wake, kwa kuwa mengine ukiyatafsiri yanapoteza nguvu, na mengine ukiyaacha yanampotosha msomaji.

Nilijiwekea swali moja la kuniongoza: baada ya barua kusomwa, nani atalitumia neno hili, na kwa kazi gani?

Jina la kampuni liliishia na herufi GmbH. Wako wafasiri wanaozigeuza kuwa "Limited", na msomaji wetu hapo anaelewa haraka. Lakini herufi hizo ni sehemu ya jina lililosajiliwa. Katibu wa chama akitaka kuitafuta kampuni kwenye rejesta ya biashara ya Ujerumani, au benki ikilinganisha jina la mlipaji na la mkataba, "Limited" inakuwa kampuni nyingine. Nikaliacha jina herufi kwa herufi, na mara ya kwanza tu nikaeleza pembeni kuwa ni kampuni ambayo dhima ya wanahisa wake ina ukomo.

Ile mistari midogo ya chini ya ukurasa, ambayo wengi huiruka wakidhani ni mapambo, niliitafsiri nusu. Sheria ya Ujerumani inaitaka kampuni ya aina hiyo ionyeshe kwenye barua zake za biashara aina yake, makao yake, mahakama ilikosajiliwa, namba ya usajili na majina ya wakurugenzi wake wote. Kwa hiyo maneno kama "makao ya kampuni" na "wakurugenzi" niliyaweka kwa Kiswahili, ila "Amtsgericht Hamburg, HRB" pamoja na namba yake nikaviacha vilevile. Hayo ndiyo maneno utakayoandika ukitafuta.

Mwandishi wa barua, ambaye hapa nitamwita M., alitajwa kama Frau Dr. M. Nikaandika "Bi. Dkt. M." Ile "Bi." niliibakiza kwa makusudi, ingawa kwetu "Dkt. M." ingetosha, kwa sababu anayejibu kwa Kijerumani lazima ajue kama anaandikia mwanamke au mwanamume. Kuhusu "Dkt.", nilimweleza katibu kwamba kwa Wajerumani cheo hicho ni cha aliyetunukiwa shahada ya uzamivu, wala hakimaanishi kwamba mtu anatibu. Msaini mmoja alikuwa na Dipl.-Ing. mbele ya jina. Hilo sikuligusa. Ni jina la shahada, na kuliandika "Mhandisi" kungemfanya msomaji wa Tanzania adhani mtu huyo yumo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi au chombo kama hicho cha kwao.

Nilipofika kwenye saini nilikaa muda mrefu zaidi. Zilikuwa mbili. Kabla ya ile ya kushoto paliandikwa ppa., na kabla ya ile ya kulia i. V. Ukitafuta njia ya mkato, zote mbili zinakuwa "kwa niaba ya", na hata i. A., ambayo utaikuta kwenye barua nyingi za kawaida, nayo inaingia humohumo. Kiswahili kinakubali. Tatizo ni kwamba alama hizo tatu zinapima mamlaka. Anayetanguliza ppa. ana prokura, yaani mamlaka mapana ambayo upeo wake umewekwa na sheria ya biashara, na jina lake limeandikwa kwenye rejesta. Mwenye i. V. amepewa mamlaka yenye mipaka na kampuni yenyewe, na rejesta haimtaji. Mwenye i. A. kwa kawaida anatekeleza tu alichoagizwa.

Nikaziacha alama kama zilivyo mahali pake kwenye saini, na chini ya ukurasa nikaweka maelezo ya mfasiri, sentensi moja kwa kila alama. Sikupenda kuyaingiza maelezo ndani ya saini yenyewe, kwa maana pale pana maneno ya mtu mwingine.

Kikaoni mwenyekiti aliyafuata maelezo yale kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu wa kushoto akisaini peke yake, kampuni inafungwa na saini hiyo?"

"Mzee, inategemea rejesta inasemaje," nikamjibu. "Wengine wamepewa kusaini peke yao, wengine mpaka wawe na mwenzao."

Rejesta hiyo iko wazi mtandaoni kwenye handelsregister.de, na tangu Agosti 2022 kuisoma hakulipiwi. Tukaingiza mahakama na namba ya HRB. Msaini wa kushoto alikuwemo, na mamlaka yake yalikuwa ya pamoja: asaini na mkurugenzi au na mwenye prokura mwingine. Wa kulia, kama alama yake ilivyokwisha kusema, hakuwemo. Hilo halikuthibitisha kwamba barua ina kasoro, kwa kuwa kampuni inaweza kuwa imempa wa kulia mamlaka ya kutosha kwa njia nyingine. Lilikuwa swali halali la kuuliza kabla ya chama kuahidi mavuno ya wanachama. Katibu akaliuliza kwa adabu, na kampuni ikatuma nakala nyingine iliyosainiwa na mkurugenzi mmoja pamoja na yule mwenye prokura. Kama ningeandika "kwa niaba ya" mara mbili, pale kikaoni pasingekuwa na cha kuuliza.

Jibu la chama lilikwenda kwa Kijerumani, na hapo uamuzi ukageuka upande. Rasimu ya Kiswahili ilikuwa na "Ndg." mbele ya kila jina. Kuliacha neno hilo kungemfanya Mjerumani adhani ni sehemu ya jina, na kulitafsiri kama undugu wa damu kungefanya bodi nzima ionekane ni familia moja. Likawa Herr au Frau. Ila "Ndg." haionyeshi jinsia, kwa hiyo nilimpigia simu katibu kuuliza kuhusu kila mjumbe badala ya kukisia kwa majina. "Mheshimiwa" wa diwani, aliyekuwa kwenye orodha ya nakala, nililiondoa na kuacha cheo chake kikieleza kazi. "Alhaji" wa mweka hazina lilihitaji kuzungumza naye mwenyewe. Yeye hupenda kuitwa hivyo, lakini kitambulisho chake cha taifa hakina neno hilo. Tukakubaliana libaki kwenye orodha ya wajumbe wa bodi, na pale pa saini liandikwe tu jina lililo kwenye kitambulisho.

Majina matatu niliyaacha kwa mpangilio wetu: la mtu, la baba, kisha la ukoo kama Mushi au Massawe. Mjerumani hulichukua la mwisho kuwa la familia, na kwa wajumbe wengi hilo lilikuwa sawa. Kwa mweka hazina, ambaye asili yake ni pwani, jina la mwisho ni la babu, na huko Hamburg wangeanza kumwita kwa jina la marehemu babu yake. Nikaongeza kwenye orodha safu moja yenye kichwa kinachosema jina la kumwitia kila mjumbe, nikamwomba kila mmoja aijaze mwenyewe.