Chai ya choya ilivyonisaidia kushusha presha

Presha yangu ilikuwa inacheza kwenye 138/88. Daktari alisema haijafika pa dawa: nipunguze chumvi, nitembee, nipime tena baadaye. Nikaongeza chai ya choya, ambayo wengine huita rozela.

Kinachochemshwa si petali, ni yale maganda mekundu manene yanayobaki yakikumbatia tunda baada ya ua kudondoka. Chagua yaliyokauka yakakatika kwa mlio; yakinata au kunuka uvundo, huenda yana ukungu. Nasuuza haraka, natia kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwenye kikombe, namimina maji yanayochemka, nafunika dakika sita, nachuja. Vikombe vitatu kwa siku, bila sukari. Juisi ya choya ya mtaani ni tamu mno, hiyo si tiba ya mtu yeyote.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulitumia kiasi hichohicho kwa wiki sita, na namba ya juu ya presha ikashuka kwa wastani wa pointi saba hivi. Yangu sasa inasoma 129/82, ingawa chumvi na matembezi vina mchango wao.

Mama yangu, anayemeza dawa za presha, nilimzuia kwanza. Choya ikijumlishwa na dawa inaweza kushusha presha kupita kiasi: kizunguzungu ukisimama, macho kuingia giza. Amuulize daktari wake, na asiache vidonge. Wajawazito waiepuke, na wanaotumia dawa za kisukari waulize pia.