Mapambo ya besidei kutoka bila kubandua rangi

Kila tukitoa mapambo sebuleni, selotepu iling'oka na rangi ya ukuta, na gundi ya kufinyanga ikaacha doa la mafuta. Masking tepu nayo ilidondosha mabango usiku.

Kilichofaa ni vile vibandiko vya kuvutika, vyenye kiulimi. Nilipangusa ukuta kwa spiriti, ulipokauka nikabandika, nikakandamiza nusu dakika, nikangoja saa moja kabla ya kutundika. Siri iko kwenye kutoa: usivute kuja kwako. Shika kiulimi, vuta moja kwa moja chini, polepole, sambamba na ukuta, kibandiko kirefuke mpaka kiachie chenyewe.

Ila pitisha kiganja ukutani kwanza. Kikitoka na unga, rangi hiyo haifai. Bandika kwenye kioo cha dirisha.