Nilivyopunguza madirisha na mabango kwenye tovuti ya mjomba

Mwalimu mmoja wa Dodoma alimpigia simu mjomba wangu, mwenye nyumba ndogo ya wageni huko Jambiani, Unguja, akamuuliza kama biashara bado ipo. "Shikamoo mzee. Tangu asubuhi nahangaika na tovuti yenu. Inanidai barua pepe, na bei hainionyeshi." Mjomba aliitikia marahaba, kisha akanikabidhi simu, kwa kuwa tovuti ile niliitengeneza mimi.

Nilimwomba mwalimu apige picha ya kioo cha simu yake na kunitumia kwa WhatsApp, na picha ilipofika nilielewa kosa papo hapo. Dirisha ibukizi, lile watu wanaloliita popapu, lilikuwa limetanda kioo kizima likiahidi punguzo la asilimia 10 kwa atakayeacha barua pepe. Nilikuwa nimelipangia kimo cha pikseli 700 na kuliweka katikati ya kioo, ilhali simu yake, ukiondoa sehemu ya anwani ya kivinjari, ilibakiwa na kimo cha pikseli 560 hivi. Kwa hiyo pikseli 70 zilikatwa juu na nyingine 70 chini, na alama ya X ya kufungia ilikuwa kwenye kipande cha juu kilichokatwa. Ubaya zaidi ni kwamba dirisha likiwa wazi, ukurasa ulio nyuma yake nilikuwa nimeuzuia usisogee, hivyo mwalimu hakuweza kushuka, kupanda wala kufunga. Kwenye kompyuta yangu yenye kioo kikubwa kila kitu kilionekana sawa, na ndiyo maana sikuwahi kuliona tatizo.

Jioni ile niliifungua tovuti kwa simu ndogo, kama mtu anayefika kwa mara ya kwanza. Juu palikuwa na bango la matangazo lenye kimo cha pikseli 70, chini palikuwa na utepe wa pikseli 190 unaoomba ruhusa ya vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye kifaa cha mtembeleaji ili imkumbuke, na baada ya sekunde tatu ndipo dirisha la punguzo lilipoibuka. Yaani hata kabla ya dirisha, mtembeleaji aliachiwa nusu tu ya kioo.

Nilianza na dirisha kwa sababu ndilo lililomfukuza mteja. Mjomba hakuridhika. "Sasa mpwa wangu, anwani za watu tutazipata wapi?" Nikamfungulia orodha tuliyokuwa tumekusanya. Sehemu kubwa ilikuwa anwani za kubuni za mtindo wa `a@a.com`, zilizoandikwa na watu waliotaka tu kupita. Mtu aliyekaa sekunde tatu hajaona chumba hata kimoja, kwa hiyo punguzo lile lilikuwa jibu la swali ambalo hajauliza. Nililiondoa dirisha lote na kuandika sentensi moja chini ya jedwali la bei, yenye nafasi ya barua pepe kwa anayependa kupata habari za punguzo la msimu wa masika. Anwani zinazoingia sasa ni chache, lakini barua tukizituma zinafika.

Utepe wa vidakuzi ndio ulionichukua muda, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Tovuti ina kurasa za Kijerumani na bei za yuro, maana yake tunawalenga wateja walioko Ulaya, na kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika huko tarehe 25 Mei 2018 inatuhusu hata tukiwa Jambiani. Nilikuwa nimenakili utepe kutoka tovuti nyingine, wenye kitufe kimoja tu cha "Kubali", nikadhani nimemaliza.

Nilifuta vidakuzi vyote kwenye Chrome, nikaingia kwenye tovuti bila kugusa kitufe chochote, nikabonyeza F12 kufungua zana za watengenezaji, nikaenda kwenye `Application` kisha `Cookies`. Vidakuzi vilikuwa vimekwisha kuwekwa: `_ga` ya kuhesabu watembeleaji, `_fbp` ya matangazo ya Facebook, na vingine vilivyoletwa na video niliyokuwa nimeipachika ukurasa wa kwanza. Kumbe utepe ulikuwa unaomba ruhusa ya jambo lililokwisha kufanyika. Uliwaudhi watu, na ulinzi haukutoa.

Sheria ya Ulaya haidai utepe kwa kila tovuti. Inadai ridhaa kabla ya kuhifadhi au kusoma taarifa kwenye kifaa cha mtu, isipokuwa taarifa hiyo iwe ya lazima kabisa kwa huduma aliyoiomba mwenyewe. Kidakuzi kinachokumbuka tarehe alizochagua wakati anajaza fomu ya chumba kinaingia kwenye msamaha huo, cha matangazo hakiingii. Wala haisaidii kuhamishia mambo kwenye `localStorage`, ghala jingine la kivinjari, kwa kuwa sheria inatazama kitendo cha kuhifadhi na haijali jina la ghala.

Basi badala ya kuupamba utepe, nilipunguza sababu za kuwa nao. Msimbo wa Facebook niliufuta, kwani mjomba hakuwa amelipia tangazo hata moja kwa miaka miwili. Hesabu ya watembeleaji sasa naisoma kwenye kumbukumbu za seva kupitia AWStats, ambayo ilikuwamo kwenye huduma yetu ya kuhifadhi tovuti siku zote bila mimi kuitumia. Haina undani wa ile ya awali, lakini inaniambia ukurasa gani unasomwa na nchi gani zinaongoza. Video niliibadilisha kuwa picha, na mtu akiigusa anapelekwa YouTube kwa hiari yake. Nilirudia jaribio la F12 nikakuta kidakuzi kimoja tu, cha fomu. Utepe ukaondoka, ukabaki ukurasa wa faragha unaoeleza hayo kwa lugha nyepesi.

Mjomba akianza tena kulipia matangazo ya kuwafuatilia watu, utepe utalazimika kurudi, na safari hiyo utakuwa na "Kataa" kando ya "Kubali", vyenye ukubwa na rangi zilezile, na hakuna kitakachowekwa kabla ya mtu kuchagua. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwisha kusema mwaka 2019, katika shauri la Planet49, kwamba kisanduku kilichotiwa alama mapema si ridhaa. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, CNIL, nayo ilitangaza Januari 2022 faini ya yuro milioni 150 kwa Google kwa sababu kukataa kulihitaji hatua nyingi kuliko kukubali.

Bango la juu sikulifuta, nilibadilisha kazi yake tu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na wengi wanadhani bima waliyokata kwao inatosha. Hiyo ni habari inayostahili kumkatiza mtu njiani. Nimeiweka kwenye ukurasa wa kuhifadhi chumba peke yake, mistari miwili, ikiwa ndani ya ukurasa tangu unapofunguka ili isisukume maandishi chini mtu anaposoma, na X yake ina pikseli 44 kila upande ili kidole gumba kisikosee. Mtu akiifunga, chaguo lake linakumbukwa:

```
localStorage.setItem("bima-imefungwa", "1");
```

Bado wapo wanaoiona upya baada ya kuifunga. Kivinjari cha Safari kwenye iPhone hufuta kumbukumbu ya aina hii baada ya siku 7 za matumizi ya kivinjari ambazo mtu hakuigusa tovuti, na anayefungua kiungo ndani ya Instagram hutumia kivinjari chenye ghala lake la pembeni. Kwa mistari miwili naona inavumilika. Mwalimu wa Dodoma alikuja Desemba na familia yake, na kwa kuwa bima ile haimhusu Mtanzania, nimeiondoa kwenye kurasa za Kiswahili.