Nilivyopima masi ya moli ya gesi kwa kitundu na saa

Sheria ya Graham nilikuwa naijua kwa karatasi kama wengi wetu: kasi ya gesi kupenya kitundu kidogo hupungua kadiri kipeuo cha pili cha masi yake ya moli kinavyoongezeka. Thomas Graham, mkemia wa Uskoti, aliifikia katika karne ya 19 kwa kupima gesi zenyewe. Nami nilitaka kuiona ikitoa jibu la gesi halisi, siyo la swali la mtihani. Nikachagua kaboni dioksidi, ambayo jibu lake linajulikana (gramu 44 kwa moli), nikailinganisha na hewa, ambayo wastani wake ni gramu 29.

Chombo chenyewe ni sirinji ya kioo ya sentimita za ujazo 100, ile ambayo pistoni yake huteleza bila kusukumwa. Nilifunika mdomo wake kwa kipande cha karatasi ya alumini, nikakigundisha pembeni kwa gundi isiyopitisha hewa, kisha nikakitoboa katikati kwa ncha ya sindano nyembamba kabisa. Sirinji niliisimamisha wima, mdomo ukiwa chini. Uzito wa pistoni ndio unaosukuma gesi, na kwa kuwa uzito huo haubadiliki, kanieneo ndani ya sirinji nayo haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu unalinganisha gesi mbili na kila kitu kingine lazima kibaki vilevile: kitundu, msukumo, ujazo na jotoridi.

Nilianza na hewa. Niliiacha pistoni ishuke, nikawasha saa ilipopita alama ya 80 na kuizima ilipofika 30. Kabla ya kuuamini muda huo nilipima pia vipande viwili kando kando, kutoka 80 hadi 55 na kutoka 55 hadi 30. Vikitofautiana sana, pistoni inakwama mahali fulani, na dawa yake ni kuitoa, kuifuta kavu na kuirudisha. Vyangu vililingana. Wastani wa hewa ukawa sekunde 41.0.

Kaboni dioksidi niliipata kwa kumwagia vipande vya marumaru asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, nikaipitisha kwenye kalisi kloridi ili iache unyevu. Usiiruke hatua hiyo. Mvuke wa maji una masi ya 18 tu, na ukichanganyika humo hupunguza wastani wa gesi unayopima. Muda uliotoka ni sekunde 50.0.

Hapa ndipo wengi hugeuza sehemu juu chini. Sheria inazungumzia kasi:

r₁/r₂ = √(M₂/M₁)

Lakini saa haipimi kasi, inapima muda, na gesi yenye kasi ndogo ndiyo inayotumia muda mrefu. Kwa hiyo ukitumia muda, kinyume kinatoweka: gesi nzito iko juu pande zote mbili. Mimi huandika moja kwa moja:

M = 29 × (t ya gesi ÷ t ya hewa)²

Gawanya 50.0 kwa 41.0 upate 1.22. Zidisha kwa yenyewe, kisha kwa 29, na jibu ni 43.1. Hata kabla ya kukokotoa unaweza kujihakiki: gesi iliyochelewa kuliko hewa lazima itoke na masi inayozidi 29. Ukipata chini ya hapo, umegeuza sehemu.

Upungufu wa 0.9 ulinisumbua kidogo. Kidole kikichelewa nusu sekunde, 50.0 inakuwa 50.5 na jibu linaruka hadi 44.0, kwa sababu kule kuzidisha uwiano kwa wenyewe kunalizidisha kosa la muda karibu mara mbili. Lakini kidole huchelewa na huwahi pia, hivyo majibu yangetapakaa juu na chini ya 44. Yangu yalikuwa yanaegemea chini tu. Hiyo ni dalili ya hewa iliyosalia ndani ya sirinji, na asilimia 6 tu ya hewa inatosha kuishusha 44 hadi 43.1. Nilipoanza kuijaza sirinji kaboni dioksidi na kuimwaga yote mara kadhaa kabla ya kupima, majibu yakapanda na kuanza kuizunguka 44.

Kuna jambo ambalo vitabu vya shule huwa havilitaji. Sheria hii hufafanuliwa kwa molekuli zinazopenya moja moja: katika jotoridi moja, molekuli za gesi zote zina wastani uleule wa nishati ya mwendo, kwa hiyo zilizo nzito huenda polepole. Ni kweli, ila inahitaji kitundu kidogo kuliko umbali ambao molekuli husafiri kabla ya kugongana na nyingine. Katika hewa ya kawaida umbali huo ni kama nanomita 70. Kitundu changu kilikuwa karibu robo ya milimita, yaani zaidi ya mara 3,000 ya hapo. Gesi ilikuwa inatoka kama mkondo mmoja, molekuli zikigongana njia nzima.

Mbona basi hesabu ilikubali? Kwa sababu mkondo unaotoka kwenye tundu la ukuta mwembamba nao hutegemea kipeuo cha pili, safari hii cha densiti. Msukumo uleule ukiubeba mzigo mzito zaidi, huupa mwendo mdogo zaidi. Na gesi zikiwa na kanieneo moja na jotoridi moja, densiti huenda sambamba na masi ya moli. Sababu mbili tofauti, uwiano mmoja.

Siri basi iko kwenye wembamba wa ukuta. Ili kulithibitisha hilo niliondoa alumini nikachomeka sindano ya hospitali, yenye tundu la upana unaokaribia ule lakini refu kiasi cha sentimita mbili na nusu. Hewa ikachukua sekunde 185. Kaboni dioksidi, iliyo nzito, ikachukua 152. Ilitangulia! Ukiziingiza namba hizo kwenye kanuni unapata masi ya 19.6, jambo lisilowezekana. Ndani ya mrija mrefu na mwembamba gesi huzuiwa na mnato wake, na mnato wa kaboni dioksidi ni mdogo kuliko wa hewa kwa karibu moja ya tano, yaani kama asilimia 20. Masi haina usemi hapo. Kwa hiyo ukiona gesi nzito inaipita hewa, acha kukagua hesabu, kagua tundu: huenda gundi imeingia ndani, au umetoboa kitu kinene.

Hata kitundu kikiwa kizuri, njia hii inakupa masi tu, haikupi jina. Propani ni 44, na dinitrojeni oksidi ni 44 vilevile, kwa hiyo saa haiwezi kuzitenganisha na kaboni dioksidi. Nitrojeni na kaboni monoksidi nazo zote ni 28. Mimi niliipitisha gesi yangu kwenye maji ya chokaa, yakageuka meupe kama maziwa, jambo ambalo propani na dinitrojeni oksidi haziwezi kulifanya.