Barua ya kutohuisha bima niliyoiandika mara nne

Simu kutoka makao makuu Dar es Salaam iliingia Jumatatu asubuhi, katikati ya mwezi wa nane. Bima ya moto ya kiwanda kimoja cha mbao pale Mafinga isingehuishwa. Muda wake ulikuwa unaisha 31 Oktoba, na mimi, msimamizi wa tawi letu la Iringa, ndiye niliyetakiwa kumwandikia mteja.

Mteja mwenyewe ni mama ambaye tulikuwa naye kwa miaka minne. Ananunua magogo ya misindano, anapasua, anakausha mbao kwenye tanuru linalopata joto kutoka kwenye boila inayochomwa mabanzi, kisha anapakia kwenda Dar na Dodoma. Alikuwa amedai fidia mara moja tu, rundo moja la mbao lilipoungua, tukamlipa. Baada ya moto ule mkaguzi wetu alimwagiza asogeze marundo mbali na tanuru, afagie maranda kila jioni na abadilishe nyaya za umeme zilizochakaa. Alifanya yote matatu, na picha zake ziko kwenye faili.

Kwa hiyo nilipouliza sababu na kujibiwa "uamuzi wa kampuni", sikuridhika. Siwezi kumwandikia mtu sababu ambayo mimi mwenyewe siielewi. Nilipiga tena mchana, nikaunganishwa na dada anayeshughulika na bima mtawanyo, na hapo ndipo nikaelewa. Kampuni ya bima haibebi hatari kubwa peke yake. Sehemu kubwa ya mzigo inaipeleka kwa kampuni nyingine, na huo mgawanyo una mkataba wake wa kila mwaka. Mkataba wetu mpya, wa kuanzia 1 Januari, ulikuwa umeondoa viwanda vyote vyenye matanuru ya kukaushia mbao. Halafu mkataba wetu unaangalia siku moto ulipotokea, haujali bima ilianza lini. Tungemhuishia mama yule tarehe 1 Novemba, miezi miwili ya kwanza ingekuwa na mgongo, na miezi kumi iliyobaki tungekuwa tumebeba kiwanda kizima sisi wenyewe.

Hiyo ni sababu ya kweli, na haimhusu yeye hata kidogo. Ndiyo niliyotaka aisome.

Nasema hivyo kwa sababu nilishaona barua mbaya inavyoumiza. Miaka kadhaa kabla ya hapo ofisi yetu ilimwandikia mteja mwingine, mwenye ghala la mahindi, sentensi hii: "Tunakutaarifu kuwa bima yako imesitishwa." Bima yake ilikuwa imebakiza wiki tano. Yeye alielewa, na mtu yeyote angeelewa, kwamba tangu siku ile hana bima. Alipeleka barua benki alikokopa, benki nayo ikazuia awamu ya pili ya mkopo msimu wa kununua mahindi ukiwa umeanza. Ilituchukua siku tisa kusafisha neno moja. Kusitisha ni kukata mkataba ukiwa bado unaishi. Kutohuisha ni kuuacha ufike mwisho wake bila kuandika mwingine. Kwa mwenye mali tofauti hiyo ni kubwa kama ile ya kuwa na paa na kutokuwa nalo.

Basi rasimu yangu ya kwanza ilianza na pole nyingi, nikaitupa. Aya nzima ya kusikitika inamfanya msomaji aanze kuhisi msiba kabla hajajua kuna nini. Rasimu ya pili ilianza na habari za bima mtawanyo, nayo nikaiacha, kwa sababu mtu mwenye kiwanda anataka kwanza kujua kama leo usiku kikiungua atalipwa. Rasimu ya tatu ndiyo iliyoanza hivi:

"Bima yako ya moto inaendelea kama kawaida hadi saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba. Hadi saa hiyo hakuna kilichopungua katika kinga yako. Moto ukitokea ndani ya muda huo, tutapokea madai yako na kuyashughulikia kwa masharti yale yale, hata kama madai yatatufikia baada ya bima kuisha. Baada ya saa hiyo hatutaihuisha bima hii."

Maneno "usiku wa kuamkia" niliyaweka kwa makusudi. Hati yenyewe ya bima ni ya Kiingereza, na inasema tu usiku wa manane wa tarehe 31 Oktoba. Ukiitafsiri ilivyo, ukaandika "saa sita usiku wa tarehe 31", kuna atakayehesabu usiku unaotangulia mchana wa tarehe 31 na kuna atakayehesabu unaofuata. Hapo kuna saa ishirini na nne za ubishi, na tanuru halizimwi usiku.

Aya ya pili ilikuwa ya sababu, na ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Makao makuu walipendekeza niandike "kutokana na tathmini ya hatari na historia ya madai". Nilikataa. Ukienda kuomba bima kampuni nyingine, fomu ya maombi itakuuliza kama kuna kampuni iliyowahi kukukatalia bima au kukataa kukuhuishia, na unatakiwa kujibu kweli. Ukificha, siku ya moto kampuni mpya inaweza kukataa kulipa kwa sababu hiyo. Kwa maana hiyo, sababu nitakayoandika mimi mama yule ataibeba hadi kwenye meza ya mwingine. Ningeandika "historia ya madai", kampuni mpya ingemwona kama mtu wa kuunguza mali, ilhali dai lake ni moja na lilikuwa halali. Tulivutana siku mbili, wakakubali maneno haya:

"Uamuzi huu umetokana na mabadiliko katika mkataba wetu wa bima mtawanyo, ambao kuanzia 1 Januari hautahusisha viwanda vyenye matanuru ya kukaushia mbao. Haukutokana na madai yako wala na namna unavyoendesha kiwanda. Maagizo ya mkaguzi wetu uliyatekeleza yote."

Sentensi ya mwisho kuna mwenzangu aliiona ya ziada. Kwangu ilikuwa ya lazima, ilimradi ni kweli na faili linaithibitisha. Kama angekuwa ametekeleza mawili tu, ningeandika mawili, na kulitaja la tatu kwa jina. Barua ya haki haimrembi mteja.

Kisha suala la muda. Nilihesabu kurudi nyuma kutoka 31 Oktoba. Kampuni mpya haitakubali kiwanda chenye boila bila kutuma mkaguzi, na wengi wao wanatoka Dar. Mkaguzi anaandika ripoti, ripoti inajadiliwa, bei inatolewa, na kwa sheria yetu ya bima kinga haianzi hadi ada ilipwe. Anayetafuta ada ya mwaka mzima kwa mkupuo anahitaji kuuza mbao kwanza. Nilitaka apate siku 60, basi barua ikabidi imfikie mwishoni mwa Agosti. Ilizidi kunisukuma kwamba mwanzoni mwa Novemba, bima ikishaisha, huku Mufindi mara nyingi bado ni kiangazi kikavu, upepo unavuma, na mioto ya kuandaa mashamba huvuka mipaka kirahisi. Kukosa bima kipindi kama hicho ni hatari kubwa.

Na kwa kuwa mkataba wa zamani wa bima mtawanyo ulikuwa hai hadi mwisho wa Desemba, niliomba tumwachie mlango mdogo. Walinikubalia siku 30 za nyongeza, mara moja tu, endapo ataziomba kwa maandishi kabla ya 15 Oktoba. Ada yake ya mwaka ilikuwa shilingi 7,300,000 bila VAT, sawa na 20,000 kwa siku, kwa hiyo siku 30 ni 600,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 708,000. Niliiandika hesabu yote ndani ya barua ili asilazimike kupiga simu kuuliza itakuwa kiasi gani.

Vingine viliingia kwa mistari michache: kwamba bima za malori yake mawili ziko pale pale na hazihusiani na barua hii, kwamba taarifa ya madai yake ya miaka minne imeambatanishwa ili aionyeshe kampuni atakayoiendea, na kwamba benki yake, ambayo jina lake limo kwenye hati, itapelekewa nakala baada ya siku tatu. Siku hizo tatu niliziomba ili asikie kutoka kwetu kwanza. Mwishoni niliweka namba yangu ya simu, na anwani ya ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, endapo angetaka kulalamika.

Rasimu ya nne ilikuwa ile ile, imepunguzwa hadi ukurasa mmoja. Sikuituma kwa barua pepe. Nilimpigia jioni, nikamwambia nina barua ya bima yake, bima bado iko hai, na kesho nitaileta mwenyewe. Asubuhi nilipanda Kosta ya Mafinga.

Nilimkuta anahesabu mbao, kanga imefungwa juu ya sweta kwa ile baridi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniketisha kwenye benchi. Alisoma polepole akifuata mistari kwa kidole, akafika kwenye aya ya sababu, akairudia.

"Kwa hiyo mwanangu, siyo kwa ule moto?"

"Hapana mama, siyo kwa ule moto."

Akakunja barua, akaniuliza kampuni gani bado zinabeba matanuru. Nilimtajia nilizozijua, nikamwelekeza pia kwa dalali wa bima mmoja pale Iringa, kwa sababu dalali anaweza kupeleka maombi kwa kampuni kadhaa kwa wakati mmoja.

Katikati ya Septemba alinipigia mara moja, anajaza fomu, amefika kwenye lile swali. Aliniuliza aandike nini. Nikamwambia ajibu "ndiyo", na kwenye nafasi ya maelezo anakili aya yetu neno kwa neno, kisha aambatanishe barua yenyewe. Mkaguzi alikuja wiki ya mwisho ya Septemba, akataka vizimamoto viwili zaidi karibu na boila. Vikanunuliwa.

Zile siku 30 hakuzihitaji. Alilipa ada ya kampuni mpya tarehe 24 Oktoba, na kinga yake ikaanza saa sita kamili, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba.